Riba, gawio na ploti: ushuru unakula wapi, na pesa ikae wapi

"Asalaam aleikum. Nina miaka 41, nafanya kazi kampuni ya kliaringi hapa Mombasa, mshahara 120,000 kabla ya makato. Nina milioni moja iko fiksi benki, laki nne ziko mani maketi, na hisa 10,000 za Safaricom. Shemeji ananihimiza nitoe zote ninunue bondi ya miundombinu kwa kuwa haikatwi ushuru. Mume wangu anataka ploti Mtwapa. Hivi ushuru unanila kiasi gani, na kila pesa niiweke wapi?"

Waaleikum salaam, dada. Kwanza tutazame makato yenyewe. Tuseme fiksi yako inalipa 10% kwa mwaka na mani maketi 11%. Fiksi inazaa 100,000 na benki inakata 15%, yaani 15,000. Mani maketi inazaa 44,000 na kukatwa 6,600. Kwa jumla riba yako inapoteza 21,600 kwa mwaka. Sasa geukia hisa. Kwa mwaka wa fedha ulioishia Machi 2025, Safaricom ilitoa gawio la shilingi 1.20 kwa kila hisa, kwa hiyo hisa zako 10,000 zilikuwa na 12,000. Ushuru wa gawio kwa mkazi wa Kenya ni 5%, ukakatwa 600 tu, ukabaki na 11,400. Na siku ukiziuza hisa hizo kwa faida, faida hiyo haitozwi ushuru wa faida ya mtaji kwa sababu zimeorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Nairobi.

Kwa hiyo hisa zako ziache zilipo. Hata uzihamishie wapi, utakachookoa ni hiyo 600. Pesa yako inaliwa kwenye riba, na kazi yetu iko huko.

Makato ya 15% yanaonekana madogo kwa sababu watu huyahesabu kwa mwaka mmoja. Riba ikiachwa ijilimbikize, kila shilingi iliyokatwa mwaka huu inakuwa imekosa pia riba ya miaka yote inayokuja. Chukua milioni moja kwa 12%, uiache miaka 15, mpaka ufike 56. Isipokatwa kitu inafika 5,474,000 hivi. Ikikatwa 15% kila mwaka, unachopata kweli ni 10.2%, na mwisho wake ni 4,293,000. Pengo ni zaidi ya 1,180,000. Ukilipima pengo hilo kwa faida ambayo ungepata, ushuru ulioandikwa 15% umekula karibu 26% yake. Hisa inayotoa gawio la 6% na kupanda bei 6% inapoteza 5% ya lile gawio tu, kwa hiyo unabaki na 11.7% kwa mwaka na kufika 5,258,000 hivi. Najua hisa haipandi kwa mstari ulionyooka, na kuna miaka inashuka vibaya. Hapa napima ushuru peke yake, hatari ni hesabu nyingine.

Sasa maneno ya shemeji. Ni kweli riba ya bondi ya miundombinu, ile inayoandikwa IFB kwenye matangazo ya Benki Kuu, haikatwi ushuru. Bondi ya kawaida ya serikali inakatwa 10% kama muda wake ni miaka 10 au zaidi, na 15% kama ni mfupi zaidi. Kinachotazamwa ni muda wa bondi ilipotolewa. Bondi ya miaka 15 iliyobakiza miaka sita bado ni ya 10%. Jambo hili huwapita watu wengi, wakaogopa bila sababu bondi za zamani ambazo Benki Kuu huzifungua tena kuuzwa.

Lakini shemeji amesahau kwamba wewe si mnunuzi peke yako. Benki nazo zinanunua bondi hizo hizo, na riba kwa benki ni sehemu ya mapato ya biashara, inayotozwa ushuru wa kampuni wa 30%. Bondi ya kawaida inayolipa 14% inaiachia benki 9.8% hivi. Kwa hiyo benki inaona raha kununua ya miundombinu kwa 11%. Wewe bondi ile ile ya 14%, ikiwa ya miaka mingi, inakuachia 12.6%, kwa sababu unakatwa 10% tu na hesabu inaishia hapo. Ukikimbilia ya miundombinu ya 11% kwa kuwa "haina ushuru", umejipunja 1.6% kila mwaka kuikwepa serikali inayokudai 1.4%. Wakubwa wenye ushuru mzito wakigombania bondi isiyo na ushuru, bei yake hupanda mpaka mdogo mwenye ushuru mwepesi asipate chochote cha ziada.

Kabla ya kununua, piga hesabu moja tu. Chukua faida ya kabla ya ushuru ya bondi ya kawaida yenye muda unaokaribiana, uizidishe kwa 0.9 kama ni ya miaka 10 na zaidi, au kwa 0.85 kama ni fupi au ni fiksi. Ikiwa bondi ya miundombinu inalipa zaidi ya jibu hilo, inunue. Ikilipa chini yake, iache wenyewe wanunue. Kwa mfano, bondi ya miundombinu ya 12.5% ni sawa na bondi ndefu ya kawaida ya 13.9%, na ni sawa na fiksi ya 14.7%. Fiksi ya 14.7% kwa mtu wa kawaida huipati kirahisi, ndiyo maana kwa pesa iliyolala fiksi shauri la shemeji mara nyingi hutoka sahihi. Huenda sababu yake haikuwa sahihi, lakini mahali alipofika ni pazuri.

Angalia pia unasoma namba gani. Bondi ya miundombinu iliyotolewa Februari 2024, IFB1/2024/8.5, ina riba ya 18.4607%. Ukiisikia leo sokoni utadhani ndiyo faida utakayopata. Riba za soko zikishuka, bondi kama hiyo huuzwa juu ya thamani yake ya usoni. Ukilipa 118 kwa kitu kitakachokurudishia 100 mwisho wa safari, zile 18 unazipoteza polepole, na lazima zitolewe kwenye faida. Zaidi ya hayo unamlipa muuzaji riba iliyokwisha kukusanyika tangu malipo ya mwisho. Kwa hiyo muulize wakala wako faida mpaka kukomaa, si riba iliyoandikwa usoni. Asiyekuwa na jibu la swali hilo usimpe pesa. Ukitaka kununua toleo jipya moja kwa moja kwa Benki Kuu, fungua akaunti kwenye DhowCSD. Ni bure, iko kwenye simu, na ukikwama, tawi la Benki Kuu liko hapa hapa Nkrumah Road. Bondi za kawaida huanzia 50,000, za miundombinu mara nyingi 100,000.

Sasa nije mahali ambapo hukupataja, na kwako ndipo penye faida kubwa kuliko zote: pensheni.

Mfuko wa pensheni uliosajiliwa haulipi ushuru kwa mapato yake ya uwekezaji. Riba inayoingia humo haikatwi 15% wala 10%. Juu ya hilo, unachochangia kinatolewa kwenye mshahara kabla ya kutozwa PAYE, mpaka 30,000 kwa mwezi au 30% ya mshahara wako unaohesabiwa kwa pensheni, ipi iliyo ndogo. Kikomo kilikuwa 20,000 na kiliongezwa mwisho wa Desemba 2024, kwa hiyo kama karani wa mishahara kazini kwenu bado anakutajia 20,000, mwambie afungue sheria mpya. Mabadiliko hayo hayo yaliondoa ushuru kwenye mafao yanayolipwa ukifikia umri wa kustaafu kwa kanuni za mfuko. Pesa inaingia bila ushuru, inakua bila ushuru, na inatoka bila ushuru. Sijui mlango mwingine nchini Kenya ulio wazi pande zote tatu namna hiyo.

Kwenye kile kikomo cha 30,000 toa kwanza unachokatwa NSSF, maana nayo inahesabiwa humo. Kama kazini hakuna mfuko mwingine wa pensheni, bado unabaki na nafasi ya zaidi ya 20,000 kwa mwezi. Tuseme unaanza na 10,000 kwenye mpango binafsi wa pensheni. Mshahara wako uko kwenye daraja la 30%, kwa hiyo PAYE inapungua 3,000 na mfukoni mwako inatoka 7,000.

Utaniambia, "Mwalimu, pesa yangu iko fiksi, mshahara wote unaishia nyumbani." Sawa. Acha mshahara uende pensheni 10,000, halafu fiksi itakapokomaa weka kando kiasi cha kuziba lile pengo la 7,000 kila mwezi. Kwa mwaka umetoa 84,000 kwenye fiksi, na kwenye pensheni imeingia 120,000. Ni akiba ile ile uliyokuwa nayo, imehama tu kutoka mahali inapokatwa kwenda mahali isipokatwa, na njiani imeongezewa 36,000 ambazo zingekwenda KRA. Hakuna bondi itakayokupa hivyo kwa mwaka mmoja.

Fanya makato yapitie kwa mwajiri. Ukichangia mwenyewe kwa simu, nafuu ya ushuru bado ni haki yako, lakini utaidai kwenye ritani ya iTax mwisho wa mwaka ukiwa na cheti cha michango, kisha usubiri kurudishiwa. Wanaosubiri marejesho ya KRA watakusimulia wenyewe. Hati ya mshahara ya mwezi wa kwanza itakuonyesha kama imekwenda sawa: mchango uwe umetolewa kabla ya mstari wa mapato yanayotozwa ushuru, na PAYE iwe imeshuka. Kama mchango umeandikwa chini kabisa pamoja na mkopo na michango ya mazishi, PAYE haijaguswa, na karani hajafanya kazi.

Ubaya wa pensheni ni kufuli. Mipango mingi binafsi hukuruhusu kustaafu kuanzia miaka 50. Ukitaka kutoa mapema kuna vizuizi vya kiasi, na unachotoa huweza kutozwa ushuru, na hapo hesabu yote niliyokufanyia inageuka. Ndiyo maana sikwambii uijaze mpaka 30,000. Pesa ya karo ya kidato cha kwanza haifai kukaa huko.

Ukishakuwa na sehemu mbili, ndani ya pensheni na nje yake, ndipo swali la kitu gani kikae wapi linapopata jibu. Ndani ya pensheni bondi ya miundombinu haina maana ya pekee. Mfuko tayari haulipi ushuru, kwa hiyo kununua bondi ambayo bei yake imepandishwa na wanaokimbia ushuru ni kulipia mwavuli ukiwa ndani ya nyumba. Humo zifaazo ni bondi za kawaida zinazolipa zaidi kabla ya makato, na ndizo mifuko mingi ya pensheni hapa nchini hushika kwa wingi. Hisa nazo zikikaa ndani zinaokoa ile 5% ya gawio tu. Nje ya pensheni, kwa jina lako mwenyewe, weka hisa na bondi ya miundombinu iliyopita kipimo chetu cha 0.9. Mwanachama wa kawaida hapangi mfuko ununue nini, lakini huhitaji kupanga. Jua tu kwamba huko ndani tayari una riba nyingi ya serikali, na usirudie kujirundikia riba hiyo hiyo nje inapokatwa.

Mani maketi iache. Najua inakatwa 15%, lakini hiyo ni pesa ya dharura, na inatoka ndani ya siku chache bila kuuza kitu kwa hasara. Kwa laki nne ushuru ni kama 550 kwa mwezi, ndiyo bei ya kulala usingizi. Angalia tu kama faida wanayoitangaza ni kabla au baada ya ushuru. Mara nyingi ni kabla. Na kama mtu amekushauri uhamie akaunti ya benki ya Kiislamu kwa sababu ya dini, hilo ni jambo lako na Mola wako, ila usitarajie unafuu wa ushuru, kwani sheria inaichukulia faida yake kama riba.

Tumebaki na ploti ya mzee. Ardhi inatozwa ushuru wa faida ya mtaji ambao ulisimamishwa mwaka 1985, ukarudi Januari 2015 kwa 5%, na tangu Januari 2023 ni 15%. Kwa kiwango ni sawa na fiksi, lakini ardhi inatozwa siku ya kuuza tu. Milioni moja ikikua kwa 12% kwa miaka 15 ndani ya ardhi, ukauza na kulipa 15% ya faida, unabaki na 4,803,000 hivi. Fiksi iliyokatwa kila mwaka ilikuachia 4,293,000. Tofauti ya nusu milioni na zaidi imetokana na kuchelewa kulipa tu. Hapo mzee ana hoja, ingawa sidhani kama ndiyo hoja aliyokupa.

Ana hoja nyingine pia asiyoijua: mtu binafsi akiuza ardhi kwa thamani isiyozidi 3,000,000, faida hiyo haitozwi. Na nyumba mliyoishi wenyewe mfululizo kwa miaka mitatu kabla ya kuuza nayo imesamehewa. Ikivuka milioni tatu, karatasi ndizo zitakazowaokoa. Tuseme mmenunua kwa 1,500,000 na kuuza kwa 4,000,000. Bila karatasi, mnatozwa kwa faida ya 2,500,000, na ushuru ni 375,000. Mkiwa na risiti za ushuru wa stempu, wakili, mpima ardhi na ukuta mliojenga, jumla 500,000, ushuru unashuka hadi 300,000. Fundi wa ukuta wa Mtwapa hakupi risiti usipomwomba siku ile ile, na baada ya miaka 10 humpati. Sheria pia haipunguzi mfumuko wa bei, kwa hiyo mnatozwa hata kwa faida ambayo ni shilingi iliyopungua nguvu tu. Na bei ya kwenye mkataba wa kununua iandikwe ile ile mliyolipa. Wengi hukubali iandikwe ndogo ili kupunguza ushuru wa stempu leo, kisha siku ya kuuza ile bei ndogo ndiyo inayohesabiwa kuwa gharama yao.

Ila ploti haitoi shilingi mpaka iuzwe, na kwa Pwani hii sina haja ya kukueleza habari za hatimiliki mbili kwa kiwanja kimoja. Msinunue kwa sababu ya ushuru. Mkinunua, iwe ni pesa ambayo hamtaihitaji, baada ya wakili wenu mwenyewe kupekua rejista ya ardhi, si wakili wa muuzaji.

Ningekuwa mahali pako ningefanya hivi. Wiki hii ningemwendea karani wa mishahara na fomu ya pensheni ya 10,000, nikiwa nimeshauliza mfuko unakata ada gani kwa mwaka, kwa sababu ada ya 2% inaweza kumeza kile ambacho ushuru umekuachia. Fiksi nisingeivunja kabla haijakomaa, benki ingeninyang'anya riba. Ikikomaa, 84,000 zingekwenda mani maketi kuziba pengo la mshahara la mwaka mmoja. Inayobaki ningeigawa kati ya bondi, ya kawaida au ya miundombinu kwa jibu la hesabu ya 0.9 siku hiyo, na ploti ya mzee kama rejista iko safi. Hebu nijulishe fiksi inakomaa tarehe ngapi, na kama uliiwekea ijirudie yenyewe. Kama ndivyo, peleka barua ya kuizuia kabla ya siku hiyo, la sivyo utafungiwa tena kwa muda ule ule.